Kuandika ripoti ya mchezaji aliyeumia goti mazoezini: mwongozo kwa kocha

Mchezaji akiumia goti mazoezini, daktari atakayempokea hakuwepo uwanjani. Mzazi hakuwepo, na viongozi wa klabu aghalabu hawakuwepo. Wote watategemea karatasi itakayotoka kwa kocha. Kwa goti hasa karatasi hiyo inaweza kuelekeza matibabu, kwa sababu siku za mwanzo kiungo huwa kimevimba na misuli imekaza kwa maumivu kiasi kwamba hata daktari mzoefu hupata shida kukipima kwa mikono. Eksirei nayo huonyesha mifupa, haionyeshi kano wala gegedu. Kinachomsaidia daktari saa hizo ni kujua mguu ulikaaje wakati wa kuumia, kama kulisikika mlio, na uvimbe ulianza saa ngapi. Mambo hayo yakisahaulika hakuna kipimo kitakachoyarudisha.

Mwongozo huu unafuata tukio moja la mfano. Mchezaji wa mpira wa pete, msichana wa miaka 16, anaruka kudaka pasi. Kanuni za mchezo haziruhusu kukimbia na mpira, kwa hiyo lazima ajizuie mara anapotua. Anatua kwa mguu wa kulia, anageuza kiwiliwili kushoto ili atoe pasi, unyayo unabaki pale pale, goti linapinda kwa ndani, anaanguka. Hakuna aliyemgusa.

Hatua ya 1: Mtu mmoja ashike kalamu

Anayetoa huduma ya kwanza asiwe ndiye anayeandika. Mteue kocha msaidizi au mchezaji wa akiba mwenye utulivu, mpe karatasi na saa, umwambie aandike kila jambo na dakika yake. Hahitaji fomu. Katika mfano wetu karatasi yake ilisomeka hivi:

Saa 11:42 jioni, ameanguka. 11:43, mazoezi yamesimamishwa. 11:48, barafu imewekwa juu ya kitambaa. 11:50, mama amepigiwa simu. 11:58, ameomba kusimama, ameshindwa kukanyaga. 12:05, barafu imetolewa. 12:20, uvimbe umeanza kuonekana juu ya pia ya goti. 12:30, goti limepimwa. 12:35, bandeji imefungwa. 12:45, ameondoka na mama kwenda hospitali.

Maneno "asubuhi", "jioni" au "usiku" yaandikwe pamoja na saa, tena kwenye ripoti kamili ongeza saa ya hospitali kwenye mabano, mfano saa 11:42 jioni (17:42). Muuguzi akikuta "11:42" peke yake anaweza kuisoma kama saa tano na dakika arobaini na mbili za asubuhi, na hesabu yote ya uvimbe ikaharibika.

Karatasi hii ya mwanzo usiitupe hata kama imelowa jasho. Ipige picha, uihifadhi pamoja na ripoti. Ikitokea mtu akahoji ripoti baada ya miezi, karatasi ya papo hapo ndiyo inayoaminika zaidi.

Hatua ya 2: Simu kabla ya karatasi

Familia isipate habari kwa mara ya kwanza kwa maandishi, wala kwa kundi la simu la timu. Piga mwenyewe, na uanze na lile ambalo mzazi yeyote anataka kulisikia kwanza: mtoto yuko katika hali gani sasa hivi. Mfano:

"Shikamoo mama. Ni mwalimu wa mpira wa pete. Binti yako ameumia goti la kulia mazoezini, dakika chache zilizopita. Yuko macho, anaongea, nipo naye hapa. Bado hajajaribu kukanyaga mguu, lakini naona aende hospitali jioni hii. Unaweza kuja, au tumpeleke mkutane huko?"

Kisha mpe mchezaji simu azungumze na mama yake. Kwenye ripoti andika saa ya simu, nani alipokea, na uamuzi mliofikia. Usiahidi lolote kwenye simu hiyo. Maneno kama "si kitu kikubwa, atapona wiki ijayo" hutoka kwa nia njema ya kumtuliza mzazi, lakini vipimo vikionyesha vingine, kila utakachoandika baadaye kitasomwa kwa mashaka.

Hatua ya 3: Eleza jinsi alivyoumia

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokuwa tupu. "Aliruka akatua vibaya, goti likateguka." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. "Vibaya" ni vipi? Na "kuteguka" ni hukumu ambayo bado hakuna aliyeithibitisha.

Jiulize kwa mpangilio. Mguu upi? Unyayo ulikuwa umekanyaga au ulikuwa hewani? Goti lilikuwa limenyooka au limekunjwa? Lilielekea ndani, nje, au lilirudi nyuma? Kiwiliwili kiligeukia wapi? Kuna mtu alimgusa? Kuna mlio uliosikika, na nani aliusikia? Aliendelea kucheza au alisimama hapo hapo?

Sasa iandike:

"Aliruka kudaka pasi ya juu iliyotoka kulia kwake. Alitua kwa mguu wa kulia peke yake, goti likiwa limekaribia kunyooka. Unyayo wote ulikuwa chini, vidole vikielekea mbele. Aligeuza mabega na nyonga kushoto ili atoe pasi, unyayo haukugeuka. Goti lilielekea ndani, akaanguka upande wa kulia. Mchezaji wa karibu alikuwa hatua mbili hivi, hakumgusa. Mchezaji anasema alisikia mlio ndani ya goti na kuhisi kama limeachia. Kocha hakuusikia mlio huo. Hakuendelea na mazoezi."

Ukisoma aya hiyo utaona kila jambo limepewa mwenyewe. Kocha ameona mguu, mchezaji amesikia mlio. Usichanganye. Mlio na hisia ya goti kuachia ni dalili ambazo madaktari huzitilia maanani wanaposhuku kano ya mbele iliyokingama ndani ya goti, na kuumia bila kuguswa wakati wa kutua, kusimama ghafla au kugeuka ni njia inayojulikana sana ya kano hiyo kukatika. Ndiyo maana maelezo ya unyayo na mabega yana thamani. Hata hivyo jina la kano lisiingie kwenye ripoti. Pia ya goti iliyohama kisha ikarudi mahali pake inaweza kutokea kwa mwendo unaofanana kabisa na huu, nayo inaweza kutoa mlio.

Walioshuhudia waandike kila mmoja peke yake, kwa maneno yake, siku hiyo hiyo. Wakikaa pamoja kabla ya kuandika, baada ya nusu saa wote watakuwa wameona kitu kimoja. Kama kuna video, ihifadhi bila kuikata na uandike iko kwa nani. Aliyeirekodi aombwe asiisambaze.

Hatua ya 4: Fuatilia uvimbe kwa saa

Kama utakuwa na nafasi ya kuandika jambo moja tu kuhusu goti, andika hili. Goti linalovimba waziwazi ndani ya saa 2 hivi mara nyingi limejaa damu kwa ndani. Damu hiyo hutoka kwenye kitu chenye mishipa: kano ya ndani iliyokatika, mfupa uliopata ufa, au pia ya goti iliyohama. Goti linalovimba taratibu na kuonekana limejaa kesho yake huelekeza mawazo kwenye gegedu iliyochanika au kiungo kilichochokozwa, kinachotoa majimaji. Kanuni hii ina mapengo yake, lakini humsaidia daktari kuamua kama mgonjwa apimwe kwa haraka, kama kipimo cha MRI, kinachoonyesha kano na gegedu, kinahitajika, na kama amwite tena baada ya siku kadhaa uvimbe ukishapungua ili arudie kupima.

Tatizo ni kwamba mgonjwa anapofika hospitali saa 3 usiku, uvimbe wa haraka na uvimbe wa polepole unaweza kuwa umeshafanana. Tofauti imebaki kwenye saa ya kocha.

Kwa hiyo lilinganishe goti lililoumia na zima kila baada ya dakika 10 au 15. Tazama hasa vile vishimo viwili vya pembeni mwa pia ya goti. Vikianza kufutika, na sehemu ya juu ya pia ikianza kujaa, uvimbe umeanza, na hiyo ndiyo saa ya kuandika. Kama una futi ya fundi cherehani, zungushia katikati ya pia ya goti bila kukaza, mguu ukiwa umenyooshwa kadiri anavyoweza bila maumivu, kisha pima goti la pili kwa namna ile ile. Katika mfano wetu: "Saa 12:30 jioni (18:30), goti la kulia sm 38, la kushoto sm 36." Kipimo cha goti moja hakina maana, kwa sababu hakuna anayejua lilikuwa na unene gani asubuhi. Kama kugusa kunamuumiza, acha futi, andika ulichokiona kwa macho.

Kuhusu kukanyaga, usimlazimishe wala usimjaribu. Akitaka kusimama mwenyewe, mshike pande mbili na uhesabu. Madaktari huuliza kama aliweza kwenda hatua 4, yaani kila mguu kukanyaga mara 2, hata kwa kuchechemea, kwani jibu hilo ni sehemu ya vigezo wanavyotumia kuamua kupiga eksirei. "Alijaribu mara 1, saa 11:58 jioni, hakuweza kuweka uzito kwenye mguu wa kulia" inatosha. Asipojaribu, andika kwamba hakujaribu. Ukiandika "hawezi kutembea" kwa mtu ambaye hakujaribu, umempa daktari taarifa ya uongo bila kukusudia.

Hatua ya 5: Huduma iliyotolewa

Sehemu hii iwe fupi na kamili. Barafu: ilizungushiwa kitambaa, ilikaa dakika 17. Bandeji ya kuvutika: ilifungwa saa 12:35 jioni, goti lilipokwisha kupimwa, vidole vya mguu vilikaguliwa, vina joto na rangi ya kawaida, anahisi anapoguswa. Mguu uliinuliwa juu ya mabegi. Hakukandwa, hakuvutwa, hakupewa dawa yoyote. Aliondoka akiwa amebebwa na watu wawili.

Yale ambayo hayakufanyika yaandikwe pia. Kuna wenye desturi ya "kulirudisha" goti kwa kulivuta, au kulikanda kwa mafuta ya moto, na daktari anahitaji kujua kama hilo lilitokea. Likitokea kabla hujalizuia, liandike lilivyo pamoja na jina la aliyelifanya, hata kama ni rafiki yako.

Hatua ya 6: Mazoezi yenyewe yalikuwaje

Klabu inaisubiri sehemu hii kuliko nyingine zote, na kocha huiogopa kuliko nyingine zote. Andika ukweli wa ratiba: mazoezi yalianza saa 10:30 jioni, dakika 15 za kupasha misuli, aliumia dakika ya 72. Zoezi lilikuwa la kuruka, kudaka na kugeuka, mizunguko 4 ya miruko 8. Alikuwa katika mzunguko wa 3. Jana yake alicheza mechi nzima. Alipoulizwa kabla ya mazoezi alisema miguu ni mizito lakini hana maumivu. Uwanja wa saruji, mkavu, hakuna mchanga mahali alipotua, na picha ya mahali hapo ilipigwa kabla timu haijaendelea. Soli ya kiatu cha kulia imelika upande wa ndani. Wachezaji 14, makocha 2.

Yote haya yanabaki kuwa maelezo. Usiandike "aliumia kwa sababu ya uchovu" wala "kwa sababu ya viatu". Huenda uchovu ulichangia, na kiongozi makini ataiona mechi ya jana pamoja na miruko ya mzunguko wa 3 akajiuliza mwenyewe. Sababu moja iliyochaguliwa na kocha saa chache baada ya tukio, kwa kawaida, ni ile inayomwondolea lawama aliyeandika. "Hakupasha misuli vizuri" ni mfano wake. Kama aliingia amechelewa na kukosa dakika 10 za kupasha misuli, andika alichelewa dakika 10, na uandike pia nani alimruhusu aingie moja kwa moja kwenye zoezi.

Mapendekezo kwa klabu yakae kwenye karatasi tofauti, siku nyingine. Hapo unaweza kusema kwamba zoezi la miruko lisiwekwe siku inayofuata mechi, au kwamba wasichana wa umri huu wafundishwe kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na hayaangaliani. Ukiyachanganya na ripoti ya tukio, msomaji atashindwa kujua kipi kilitokea na kipi ni maoni yako.

Hatua ya 7: Karatasi ya familia

Hatua ya 3, 4 na 5 ziende kwa familia na kwa klabu bila kubadilishwa hata neno. Wazazi husoma nakala ya klabu mapema kuliko unavyodhani, na wakikuta maelezo mawili tofauti ya anguko moja, imani imekwisha. Tofauti iwe kwenye kiambatisho: klabu ipate hatua ya 6, familia ipate ukurasa wa kwenda nao nyumbani. Mzazi akiomba hatua ya 6, apewe.

Ukurasa wa familia uandikwe kwa lugha ya nyumbani:

"Mama, tafadhali nenda na karatasi hii hospitali na umpe daktari aisome kabla ya kumpima. Kabla hajaonwa na daktari, asikanyage mguu huo. Barafu iwe na kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha ipumzishwe kwa saa 2 hivi kabla ya kurudiwa. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo goti lisikandwe wala kuwekewa kitu cha moto, maana kufanya hivyo kunaweza kuongeza uvimbe. Dawa ya maumivu aulizwe daktari."

Kisha weka dalili zisizongoja, ukieleza kila moja inavyoonekana. Mguu chini ya goti ukiwa wa baridi, umepauka, au hauhisi ukiguswa, aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu au wa fahamu nyuma ya goti unaweza kuwa umeumia. Goti likigoma kabisa kunyooka, kama kuna kitu kimekwama ndani, asingoje wiki. Homa, au shavu la mguu kuvimba na kuuma siku zinazofuata, arudi kwa daktari.

Daktari akisema eksirei ni safi, familia nyingi huelewa kwamba goti ni zima. Waandikie mapema: eksirei safi inamaanisha mfupa haukuonekana kuvunjika, na wamuulize daktari lini goti lipimwe tena. Mchezaji anayerudi uwanjani baada ya wiki 3 kwa sababu uvimbe umeisha, kumbe kano imekatika, anaweza kuchana gegedu siku goti litakapoachia tena. Hasara hiyo ya pili huwa haikuwepo siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Kutuma, na kuongeza bila kufuta

Ripoti itoke ndani ya saa 24. Weka sahihi, jina, cheo na saa ya kuandika. Kwa familia ikabidhiwe mkononi au itumwe kwa mzazi mwenyewe. Kwa klabu iende kwa katibu na mhusika wa afya, basi. Wachezaji wenzake waambiwe maneno ambayo yeye na mzazi wameyakubali, kwa mfano "ameumia goti, yuko kwa daktari".

Majibu ya hospitali yakija usiirekebishe ripoti ya kwanza. Andika nyongeza yenye tarehe yake: "Nyongeza ya 1. Mama ameeleza kwamba daktari amepanga kumpima tena baada ya siku 7. Hadi hapo hashiriki mazoezi yoyote ya miguu." Jina la jeraha liingie tu kama familia imeruhusu klabu ilijue, na liandikwe kama lilivyotoka kwa daktari, ukitaja kwamba limetoka kwake. Ukikuta kosa kwenye ripoti ya kwanza, tuseme saa ya barafu, lisahihishe kwenye nyongeza ukionyesha la awali na sahihi lake.

Viongozi watakuuliza atarudi lini, hasa kama kuna mashindano karibu. Sehemu hiyo ya fomu isijazwe tarehe. Andika "kwa idhini ya maandishi ya daktari au mtaalamu wa fiziotherapia". Kama ni kano ya mbele na ikafanyiwa upasuaji, kurudi kwenye mchezo wa kuruka na kugeuka huhesabiwa kwa miezi, na wataalamu wengi hawaruhusu kabla ya miezi 9. Tarehe iliyobuniwa na kocha huishia kuwa shinikizo kwa mchezaji, maana ataihesabu kuliko mtu mwingine yeyote.